Kukimbia na asiyeona kwa kamba: watu wanavyodhani na ilivyo kweli njiani Capri Point

Karibu kila asubuhi nakimbia na kaka mmoja ambaye haoni kabisa, hapa Mwanza tunaanzia upande wa kivuko cha Kamanga tunapita pale Jiwe la Bismarck linapoonekana alafu tunazunguka Capri Point na kurudi, na kamba yetu tumeshika. Watu wanatuuliza sana na wengine washaanza kuwasaidia ndugu zao kukimbia kwa jinsi walivyodhani tu, sasa hapo ndo napata wasiwasi, bora niyaweke wazi haya machache.

Dhana: kazi yako ni kumvuta.

Hapana, humvuti hata kidogo. Kamba ni fupi, yetu ni kamba ya kiatu tumeikunja tukafunga kitanzi huku na huku, ikinyooka ni kama sentimita 30, na isiwe ya mpira maana inayovutika inachelewa kufikisha habari. Hata kwenye mashindano ya wenye ulemavu mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mkimbiaji, na mwisho lazima mkimbiaji aukate mstari kabla ya mwongozaji wake. Kamba inafanya kazi moja, kumwambia wewe uko wapi na mwendo wako ukoje. Mikono yenu miwili ya katikati inaenda mbele na kurudi nyuma pamoja, kwa hiyo miguu ya nje inatangulia pamoja alafu ya ndani inafuata pamoja, yaani mwenzako angekuwa mbele ya kioo, picha yake ndo wewe. Ukiona kamba imekaza muda wote basi umemtangulia, rudi usawa wake, usisubiri aseme maana wengi hawasemi, utaona tu bega lake la upande wa kamba linaanza kuja mbele na mwili unapinda.

Na usijifunge kwenye kiganja kwa fundo. Shika kitanzi kwa vidole, mmoja akianguka mwingine aweze kuachia.

Dhana: ukipiga kelele "angalia!" umeshamwokoa.

Hii ndo ilituumiza. Mwanzoni kabisa tulikuwa tunateremka, nikaona kingo ya lami imemeguka upande wake na mimi nikapayuka "angalia angalia!", kaka akafunga breki palepale, kamba ikanikwapua mkono, mguu wake wa kulia ukaingia kwenye lile tundu na kifundo kikageuka, wiki mbili hakukimbia. Tulipokaa pembeni akaniambia kwa upole kabisa, "Dogo, niambie kuna kitu gani na nifanye nini, hilo neno lingine halina kazi kwangu." Toka siku hiyo kila ninachosema kina vitu viwili, kilichopo na cha kufanya, basi.

Chukua tuta kama mfano. Tukiwa kwenye spidi yetu ya dakika 6 kwa kilomita tunaenda karibu mita 3 kwa sekunde, kwa hiyo nikisema mita 20 kabla anapata kama sekunde 7, inatosha kujiandaa na haitoshi kusahau. Nasema "tuta mbele", nafupisha hatua na yeye anaisikia kwenye kamba, alafu tukikaribia nahesabu kwa kufuata mguu wake unavyokanyaga, "tatu, mbili, moja, panda", juu yake "shuka", tukimaliza "sawa". Hiyo "sawa" watu wanaisahau na ni muhimu kuliko wanavyofikiri, maana usipoisema ataendelea kuinua magoti na kukaza mwili mita 50 nzima akisubiri kitu ambacho kimeshapita, anachoka bure.

Alafu kuna jambo la lugha yetu wenyewe. "Kulia" na "kushoto" zote zinaanza na "ku", na asubuhi bodaboda ikipita au upepo ukivuma toka ziwani anachosikia ni hiyo "ku" tu, anabaki anabahatisha. Sisi tuliziacha. Tunasema "njoo" maana yake sogea kwangu, na "toka" maana yake sogea mbali na mimi, hazifanani hata zikisikika nusu. Tunakimbia upande wa kulia wa barabara ili magari yaje yakitutazama, mimi nakaa upande wa magari na yeye yuko upande wa mtaro, kwa hiyo "toka" siisemi mpaka nimeupima mtaro kwa macho na nimtajie, "mtaro hatua mbili, toka kidogo". Neno "simama" tumelitunza peke yake, halitumiki kwa kupunguza mwendo wala kwa mazungumzo, likitamkwa anasimama kwanza maswali baadaye. Kupunguza ni "taratibu".

Mahali pengine kuna daladala imeegeshwa na mtaro umebana, wawili hamuwezi kupita sambamba, hapo usilazimishe. "Taratibu, tembea, njoo nyuma", narudisha mkono wangu mgongoni, yeye anafuata nyuma yangu akiwa bado na kamba, tukipita anarudi pembeni. Inachukua sekunde chache tu. Na kamba ikimponyoka mmoja wetu anasema "kamba" na wote tunapunguza, mimi namgusa kiwiko ajue niko wapi, simuachi hewani akiwa anakimbia.

Njia ikiwa safi naongea kidogo tu, au tunapiga stori za kawaida. Ukimwaga maneno muda wote, anashindwa kuchambua lipi ni onyo, na masikio yake yanahitajika pia kwa magari. Spika za masikioni hakuna, si yeye wala mimi.

Dhana: yeyote anayekimbia anaweza kuongoza, mradi spidi zao ziko sawa.

Spidi kuwa sawa haitoshi. Wewe unakimbia, unaongea, unatazama mbele mita 20 na chini ya mguu wake na bodaboda inayotokea nyuma, pumzi ikiisha kinachokufa kwanza ni maneno, na maneno ndo macho yake. Mkenya Henry Wanyoike alipochukua dhahabu ya mita 5000 kwenye Paralimpiki ya Sidni mwaka 2000, mwongozaji wake aliishiwa nguvu kabla ya mwisho, na Wanyoike asiyeona ndo akawa anahangaika kumfikisha kwenye mstari. Kipimo changu ni rahisi, kwenye spidi ya mwenzako uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, hata kwenye kile kilima cha mwisho. Nikiwa na mafua namwambia ukweli jioni kabla, tunatembea tu au tunaahirisha.

Dhana: anayeona kidogo hahitaji kuambiwa.

Huyu naye anahitaji, ila tofauti, na inabidi umuulize yeye mwenyewe anaona nini na lini. Kuna dada tunayekimbia naye jumamosi, anaona maumbo, mawingu yakitanda anakwepa watu mwenyewe bila kamba. Ila jua likishachomoza na maji ya ziwa yakaanza kung'aa, tukitoka kwenye kivuli cha miti kuingia kwenye ule mwanga hapo haoni kitu kwa sekunde kadhaa, na kwa nje huwezi kujua maana anaendelea kukimbia vilevile. Tumekubaliana namwambia "mwanga" kabla kivuli hakijaisha, anashusha kofia, ananyoosha mkono anachukua kamba, mpaka aseme mwenyewe "nimerudi" ndo anaiachia.