Ethanoli na fomepizoli: jinsi zinavyoizuia methanoli isigeuke sumu

Mtu aliyekunywa chang'aa iliyotiwa methanoli anaweza kurudi nyumbani vizuri na kulala kama kawaida. Huenda ikawa kesho yake ndipo anaanza kutapika, kuhema kwa kasi na kuona kila kitu kama kupitia ukungu mweupe. Mei 2014 pombe ya namna hii iliua makumi ya watu nchini Kenya, Embu na Kiambu zikiwemo, na wapo walionusurika wakiwa vipofu.

Kwa nini sumu ichelewe hivyo? Kwa sababu methanoli yenyewe siyo inayopofusha. Ini ndilo huigeuza: kimeng'enya kiitwacho alkoholi dihaidrojenesi huifanya fomaldehidi, kisha kimeng'enya kingine huifanya asidi ya fomiki. Mwili huiondoa asidi hiyo polepole, basi hulundikana, ikazuia seli kutumia oksijeni. Neva ya jicho huumia mapema.

Sasa, kimeng'enya hicho cha kwanza ndicho pia kinachovunja ethanoli, yaani pombe ya kawaida. Zote mbili hugombea nafasi ile ile juu yake, na ethanoli huishika kwa nguvu mara 10 hivi au zaidi kuliko methanoli. Ndiyo maana mnywaji wa mchanganyiko huwa salama kwa muda: ethanoli ikiwepo, methanoli hukaa foleni. Ethanoli ikiisha, zamu yake hufika.

Daktari hurefusha foleni hiyo kwa makusudi. Akitumia ethanoli, huilinda ibaki miligramu 100 hadi 150 katika kila mililita 100 za damu, kwa siku kadhaa. Si kazi nyepesi: mgonjwa analewa, sukari yake inaweza kushuka, na damu inabidi ipimwe kila baada ya saa chache. Dawa iitwayo fomepizoli huishika nafasi hiyo kwa nguvu zaidi sana na hailevyi. Mgonjwa wa kilo 60 hupewa miligramu 900 kwanza, yaani 15 kwa kila kilo, kisha 600 kila baada ya saa 12. Tatizo lake ni bei, na hospitali nyingi hazina.

Dawa zote mbili huziba njia tu. Hazifuti asidi iliyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo aliyefika akiwa tayari haoni anahitaji pia usafishaji wa damu kwa mashine, pamoja na bikaboneti ya kupunguza asidi. Hata methanoli iliyozuiwa hutoka taratibu kupitia pumzi na mkojo. Nusu yake huchukua siku 2 hivi kuondoka, na mashine hufupisha muda huo.

Wala mtu asijitibu nyumbani kwa kuongeza pombe. Chupa iliyo karibu naye huenda ndiyo yenye methanoli, na glasi zinazofuata zikachelewesha dalili mpaka asione haja ya kwenda hospitali wakati asidi bado ni kidogo.