Ziada ya 950,000, kisha nakisi ya 880,000

“Mbona mwaka jana tulipata faida kubwa, mwaka huu hasara, na hakuna aliyeiba?”

Kwa sababu mchango wenye sharti la mfadhili huandikwa mapato wote mara moja, hata kama utaliwa kwa miaka miwili. Ndivyo zinavyotaka kanuni za uhasibu za Marekani, ambazo baadhi ya mashirika ya Nairobi hutumia kwa ajili ya wafadhili wa huko.

Chukua maktaba ndogo ya watoto kule Kawangware. Imepokea shilingi 1,200,000 za vitabu tu, na michango mingine isiyo na sharti ni 500,000. Mwaka wa kwanza imenunua vitabu vya 300,000, na kodi ya jengo na mishahara imekula 450,000. Taarifa ya shughuli, yaani ya mapato na matumizi ya mwaka, ina safu mbili. Safu ya sharti inapokea 1,200,000, kisha 300,000 inatoka: sharti limetimizwa. Safu huru inapokea 500,000 pamoja na hizo 300,000, inatoa matumizi yote, 750,000, na kubaki na 50,000. Jumla ya safu zote mbili ni ziada ya 950,000, ambapo 900,000 bado ni za vitabu.

Mwaka wa pili vitabu vya 900,000 vinanunuliwa. Michango huru ni 500,000 tena, gharama nyingine 480,000. Safu huru inabaki na 20,000, ya sharti inashuka kwa 900,000. Nakisi ni 880,000, na maktaba haijapoteza hata senti.

Wengi hudhani kuondoa sharti ni kuhamisha pesa kutoka akaunti moja ya benki kwenda nyingine. Sivyo. Shangazi akikutumia karo kwa M-Pesa, salio lako ni moja tu. Simu haijui ipi ni karo. Ukilipa shule kwa noti zilizokuwa mfukoni, karo imelipwa, na kiasi hichohicho kwenye simu sasa ni chako. Kinacholegeza sharti ni matumizi yenyewe, popote shilingi ilipotoka. Kwa hiyo uhamisho wa kutoka safu ya sharti kwenda safu huru, kwenye jumla ya safu zote, lazima uwe sifuri. Ukiona umeongeza mapato, mchango umehesabiwa mara mbili.

Hatari iko kwingine. Mwisho wa mwaka wa kwanza, linganisha salio la benki na zile 900,000. Ikiwa benki kuna 600,000, na mfadhili alishatuma zote, basi 300,000 za vitabu zimeshatumika kwa mambo mengine, hata kama taarifa inapendeza.

Mfadhili akiweka kigezo cha kufikiwa kwanza, pamoja na haki ya kudai pesa zake kisipofikiwa, si mapato hadi kifikiwe. Na vitabu vingi vya hesabu vya Kenya huweka salio la ruzuku kama deni, hivyo mruko huu hautaonekana. Kamati nayo ikitenga pesa kwa paa jipya, hilo si sharti. Inaweza kubadili nia Jumanne ijayo.