Fidla hainunuliwi kama sweta la shule: pima mkono wa mtoto kwanza

Mwezi wa sita mwaka jana mama mmoja wa Uyole alikuja kwenye chumba chetu cha vyombo vya nyuzi hapa Mbeya akiwa na binti wa miaka 9 na kasha refu jeusi lililofika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na fidla kamili, ya mtu mzima. Duka lilimwambia apime mkono wa mtoto, naye akapima kwa tepu ya fundi cherehani, akapata sentimita 61. Kwa jedwali la duka, 61 ni fidla kamili. Hakudanganywa na hakukosea kusoma tepu. Alikosea pa kuishia: alipima mpaka ncha ya kidole, jedwali lilihesabu mpaka katikati ya kiganja.

Nilipompima upya nilipata 51, na kwa 51 binti anastahili fidla ya nusu. Sentimita 10 tu zilimrusha saizi mbili nzima, akaipita ya nusu na ya robo tatu.

Upimaji wenyewe ni huu. Mtoto asimame wima na kunyoosha mkono wa kushoto pembeni, usawa wa bega, kiganja kikitazama juu na kiwiko kikiwa kimenyooka bila kukakamaa. Shika mwanzo wa tepu pale ubavu wa shingo unapoungana na bega, uipitishe juu ya mkono, usome katikati ya kiganja. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai watoto huja wamevaa masweta mawili mawili, na tepu ikipita juu ya sufi nene hutuna na kuongeza namba. Mvue sweta kwa dakika moja. Tepu nyingi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, kwa hiyo angalia unasoma upande upi kabla ya kupiga simu dukani.

Kwa kipimo cha katikati ya kiganja, sentimita 46 hadi 47 ni fidla ya robo, 51 ni nusu, 56 ni robo tatu, na kuanzia kama 59 mtoto anaweza kujaribu kamili. Watengenezaji hutofautiana kidogo. Baadhi ya majedwali huishia kwenye kifundo cha mkono badala ya kiganja, na hapo namba zote hushuka kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo muulize muuzaji jedwali lake linaishia wapi. Umri haukusaidii sana: nina wanafunzi wawili wa miaka 10 darasani, mmoja anapiga ya robo, mwingine ya robo tatu. Wala jina la saizi lisikuchanganye. Fidla ya nusu si nusu ya urefu wa fidla kamili. Mwili wa fidla kamili una kama sentimita 35 na nusu, wa fidla ya nusu una 31 hivi.

Mama yule alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo kila mzazi huuliza: "Mwalimu, sasa si atakua tu? Sweta la shule nalo nilimnunulia kubwa, mwaka huu limemkaa."

Nilimwambia, mama, sweta kubwa unakunja mikono. Shingo ya fidla haikunjwi. Sababu iko kwenye uzi wenyewe. Wapigaji huhesabu vidole vya mkono wa kushoto kuanzia kidole cha shahada, hiki ni cha kwanza, na kidole kidogo ni cha nne. Katika mkao wa kwanza, unaoanzwa na kila mwanafunzi, kidole cha nne kwenye uzi wa D lazima kitoe sauti ileile ya uzi wa A ulioachwa wazi. Ili ipatikane, kidole kinaangukia theluthi moja ya urefu wa uzi, ukipima kutoka kwenye kizingiti kilicho karibu na vigingi. Uzi wa fidla kamili unaotoa sauti una kama milimita 325, kwa hiyo kidole kidogo kinatakiwa kifike milimita 108. Kwa fidla ya nusu uzi una kama 285, na kidole kinatakiwa 95. Fidla zote hizo hufungwa kwa sauti zilezile, G, D, A na E. Kinachobadilika ni umbali ambao mkono mdogo unadaiwa.

Tofauti ya milimita 13 inasikika ndogo mpaka uione kwenye kidole cha mtoto. Nilimpa binti ile fidla kamili. Kidole cha nne kilipotafuta mahali pake, kililala bapa, kifundo cha mkono kikaegemea shingo ya fidla, na bega la kushoto likapanda kuelekea sikioni. Sauti ikatoka chini ya A, naye akaisikia, akakunja uso. Mtoto mwenye sikio zuri akipiga hivyo miezi sita, ama anazoea sauti iliyoshuka, ama anazoea bega lililopanda. Kuondoa lolote kati ya hayo mawili baadaye ni kazi ngumu kuliko kusubiri akue.

Mkono wa kulia nao huteseka. Upinde wa fidla kamili una kama sentimita 74, wa nusu kama 62. Kwa upinde mrefu, kabla hajafika nchani kiwiko kimekwisha kunyooka, na upinde huanza kuzunguka nyuma yake badala ya kwenda sambamba na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Utasikia sauti ikikwaruza upande huo wa upinde. Kwa hiyo mkibadilisha fidla, badilisheni na upinde wake.

Kama fidla iko mbele yako, tepu ni ya kuanzia tu. Mweke mtoto fidla begani chini ya kidevu, anyooshe mkono wa kushoto chini yake kuelekea kichwa kile kilichojikunja kama konokono. Vidole vikiweza kukizunguka na kiwiko bado kimepinda kidogo, saizi inafaa. Akilazimika kunyoosha mkono wote ndipo akifikie, ni kubwa. Kisha afanye jaribio la kidole cha nne dhidi ya uzi wa A. Mimi huliamini hili kuliko tepu, maana watoto wawili wenye mkono wa urefu mmoja huweza kuwa na vidole tofauti kabisa. Kipimo kikiangukia kati ya saizi mbili, chukua ndogo. Fidla ndogo mno nayo ina dalili zake, vidole hubanana hata nusu sauti, ile hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili, ikakosa nafasi na kiwiko hukunjika sana, lakini hizo hazimuumizi mtoto bega.

Duka lilikubali kubadilisha, mama akalipa nauli ya mzigo mara ya pili. Tangu hapo tunampima binti kila baada ya miezi sita. Desemba alikuwa 53, akabaki na ya nusu. Mwezi huu, bila sweta, tepu imesoma 55. Mama alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya robo tatu, nami nikamwazima binti ya chumba chetu ajaribu. Kichwa cha fidla alikizunguka vizuri. Kidole cha nne kilifika A mara ya kwanza, mara ya tatu kikalala bapa. Tukairudisha kabatini. Tutaitoa tena Desemba.