Bodaboda Moja, Namba Mbili: Namna ya Kuhesabu Vyombo vya Moto kwa Video

Chukua kamera iliyofungwa kwenye nguzo kando ya barabara ya Dar es Salaam, karibu na stendi kuu ya Nanenane hapa Dodoma. Mabasi yanakata kuingia stendi, malori yanapita moja kwa moja, na bodaboda zinapenya katikati yake. Tunataka kujua bodaboda ngapi zimeelekea mjini ndani ya saa moja. Ninawaona vijana wengi wakiifanya kazi hii kwa bidii, kisha wanatoa jumla iliyozidi ukweli kwa sababu walihesabu kitu kisichostahili kuhesabiwa.

Programu ya kuhesabu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kitambuzi, kama YOLO, kinachochora boksi kuzunguka kila chombo kwenye kila picha. Kitambuzi hakina kumbukumbu. Video ikiwa na picha 25 kwa sekunde, bodaboda inayoonekana kwa sekunde 6 itatambuliwa mara 150, na kila mara ni kama mpya.

Kumbukumbu ni kazi ya sehemu ya pili, yaani kifuatiliaji, kinachokipa kila chombo namba yake. SORT, iliyotolewa mwaka 2016, inakisia kila boksi litakuwa wapi kwenye picha inayofuata, kisha inatazama ni boksi gani jipya linalolaliana zaidi na makisio hayo. Yakilingana, namba ya zamani inaendelea. Kifuatiliaji kingine, ByteTrack, kinaongeza jambo la busara: maboksi ambayo kitambuzi hakina uhakika nayo hayatupwi, bali yanajaribiwa katika raundi ya pili. Ndiyo maana bodaboda iliyofichwa nusu mara nyingi hubaki na namba yake.

Sasa tuseme bodaboda namba 17 imefichwa kabisa na lori kwa sekunde 1.6. Hizo ni picha 40. Kwenye maktaba ya Ultralytics, ByteTrack huja na `track_buffer: 30`, maana yake inamsubiri aliyepotea kwa picha 30 tu. Bodaboda ikichomoza inapewa namba mpya, tuseme 23. Ukihesabu namba zilizotolewa, umepata bodaboda mbili. Unaweza kuongeza muda wa kusubiri hadi 60, na mimi hufanya hivyo penye malori mengi, lakini kuna gharama: makisio ya muda mrefu hupotoka, na namba 17 inaweza kuvishwa bodaboda nyingine kabisa.

Kwa hiyo usihesabu namba. Hesabu kuvuka. Chora mstari barabarani, na ongeza moja pale tu chombo kinapouvuka. Bodaboda yetu ilipotea ikiwa 17 na kurudi ikiwa 23, lakini mstari imeuvuka mara moja.

Mstari mmoja nao una udhaifu wake. Bodaboda ikisimama juu yake kusubiri abiria, boksi hutikisika kidogo kila picha, na programu itadhani inavuka na kurudi, inavuka na kurudi. Dawa ni mistari miwili, A na B, iliyoachana mita chache. Chombo kinahesabiwa kikiwa kimevuka A kisha B kwa namba ileile, na mara moja tu:

```python
if y < A:
    kabla_ya_A.add(namba)
if y > B and namba in kabla_ya_A:
    waliohesabiwa.add(namba)
jumla = len(waliohesabiwa)
```

Hapa `y` ni umbali kutoka juu ya picha hadi katikati ya ukingo wa chini wa boksi, pale tairi linapogusa lami, na `A` iko juu zaidi kwenye picha kuliko `B`. Iweke mistari mahali ambapo vyombo havifichani wala kusimama, maana namba ikibadilika kati ya A na B, chombo hicho hakitahesabiwa kabisa.

Kosa jingine hutokana na kubana matumizi. Kompyuta ikiwa dhaifu, watu huruka picha na kubakiza 5 kwa sekunde. Bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa husogea mita 10 kila sekunde. Kwa picha 25 ni sentimita 40 kati ya picha na picha. Kwa picha 5 ni mita 2, karibu urefu wa pikipiki nzima. Ikitazamwa kwa ubavu, maboksi hayalaliani tena, na namba mpya zinamiminika. Ni afadhali kupunguza ukubwa wa picha kuliko kuruka picha.

Kabla ya kuamini jumla, kaeni wawili mtazame dakika 10 za video na kuandika sekunde ya kila kuvuka, kisha mlinganishe na orodha ya programu, mstari kwa mstari. Msilinganishe jumla pekee. Programu iliyohesabu bodaboda 8 mara mbili na kuzikosa nyingine 8 itatoa jumla sahihi kabisa, na siku malori yakiongezeka yale makosa hayatafutana tena.