"Osmosisi itatokea" sio nadharia tete: ufafanuzi kuhusu praktiko ya viazi

Tangu matokeo ya praktiko za majaribio yatoke tumepokea malalamiko mengi kutoka kwa wazazi na hata walimu wenzetu, na karibu yote yanasema kitu kimoja, kwamba mtoto jaribio kalifanya vizuri, vipande vya kiazi alivyoviloweka kwenye mimumunyo ya sukari vimebadilika uzito kama inavyotakiwa, sasa kwa nini kanyimwa maksi? Mimi ni mmoja wa tunaosahihisha na kuandaa maabara hapa, nimeombwa nieleze. Nitasema kuhusu swali hilo tu, mambo mengine yana utaratibu wake.

Osmosisi yenyewe sitaeleza, hiyo mnaijua. Tatizo letu liko kwenye ile mistari minne mtoto anayoandika kabla hajagusa kisu.

Nianze na nadharia tete. Sentensi inayoongoza kwa wingi mezani kwangu ni "osmosisi itatokea kwenye kiazi". Jamani. Hiyo huwezi kuipima, kwa sababu osmosisi haionekani kwenye mizani wala kwenye rula, na tena kipande kikivimba utasema imetokea, kikisinyaa utasema pia imetokea. Sentensi ambayo hakuna tokeo linaloweza kuikataa hatuipi maksi, hata ikiandikwa kwa mwandiko wa dhahabu. Tunachotafuta ni hiki: unabadilisha nini, unapima nini, na unatarajia kiende upande gani. Mfano: "Ukolezi wa sukrosi ukiongezeka kutoka 0.0 M hadi 1.0 M, asilimia ya badiliko la uzito wa silinda za kiazi itashuka, ianze chanya iishie hasi." Hapo mtu akija na namba zinazopanda, sentensi imeanguka, na ndio raha yake. (Wa fizikia mnisamehe, najua ni tungamo, kwenye maabara yetu wote tunasema uzito.)

Kuna wanaojitahidi kupita kiasi wakaandika "ukolezi ukiongezeka mara mbili, uzito unaopotea nao utaongezeka mara mbili". Hii inapimika kabisa, kwa hiyo tunaipa maksi, ila mara nyingi majibu yataikataa, maana kwenye ukolezi mkubwa seli zimeshapoteza maji mengi na mstari wa grafu unaanza kulala badala ya kuendelea kushuka vile vile. Ikikataliwa mtoto hapungukiwi kitu! Anapungukiwa akirudi nyuma na kufuta alichoandika ili kifanane na jedwali. Kufuta huko tunakuona, wino wa pili haufichiki, na hapo maksi za nadharia tete zote zinaondoka, sio nusu.

Sasa vigeu. Nichukue karatasi moja ya mwaka huu, bila jina. Mwanafunzi alikuwa na bika sita, 0.0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0 M, silinda za sentimita 5 zilizotobolewa kwa kile kibomba cha chuma cha kutobolea vizibo. Kigeu huru akaandika "sukari". Kigeu tegemezi akaandika "kiazi". Vigeu vya kudhibiti akaandika "maji, bika, mizani". Maksi sifuri, na mzazi akaja juu.

Sukari ni kitu, sio kigeu. Kigeu lazima kiwe na viwango vinavyobadilika, na alichobadilisha mwenyewe kutoka bika hadi bika ni ukolezi wa sukrosi, basi angeandika hivyo na kutaja 0.0 hadi 1.0 M. Kiazi nacho ni kitu. Alichokipima ni uzito kabla na baada, na alichotakiwa kukitaja ni asilimia ya badiliko la uzito. Kwa nini asilimia na sio gramu? Kwa sababu silinda hazilingani hata ukikata kwa uangalifu gani. Moja ya gramu 2.40 na nyingine ya gramu 2.80 zote zikiongezeka gramu 0.24, ya kwanza imeongezeka asilimia 10 na ya pili kama 8.6. Kwa hiyo naomba tuache kuandika "uzito wa mwanzo" kama kigeu cha kudhibiti, hujaudhibiti, umeufidia kwa hesabu. Ulichodhibiti ni urefu na kipenyo.

Kinachosikitisha ni kwamba namba za huyu mtoto zilikuwa nzuri. Kwenye 0.0 silinda ilitoka 2.60 ikafika 2.99, asilimia 15 juu. Kwenye 0.2 ilitoka 2.50 hadi 2.60, asilimia 4 juu. Kwenye 0.4 ilitoka 2.60 hadi 2.47, asilimia 5 chini. Ukiunganisha hizo mbili za mwisho kwa mstari, unakata sifuri karibu na 0.29 M, yaani pale ndipo kiazi hakipati wala hakipotezi maji. Jibu zuri kabisa, limekaa chini ya maelezo ambayo hayasemi limetoka wapi.

Kwenye vigeu vya kudhibiti ndio naishiwa uvumilivu, nikiri. Kutaja "joto" peke yake ni nusu ya kazi, tunataka na namna ulivyolishika lisibadilike: bika zote meza moja, mbali na dirisha lenye jua. "Muda" vile vile. Ukitumbukiza silinda sita moja moja halafu ukazitoa zote kwa mpigo, ya kwanza imekaa zaidi ya ya mwisho. Tumbukiza kwa kupishana dakika moja, toa kwa mpangilio ule ule na mwachano ule ule. Viazi: silinda zote kiazi kimoja kikitosha, bila ganda, kwa sababu kiazi kilichokaa ghalani na kilichotoka shambani juzi havina maji sawa wala sukari sawa ndani. Ujazo wa mmumunyo kila bika sawa, na silinda zizame zote.

Halafu kukausha. Huku ndiko namba zinakoharibika na hakuna anayekuandika! Silinda ikitoka na maji nje, mizani inapima maji ya nje. Ukiikamua kwa tishu, unapima ulichokibakiza. Iviringishe juu ya tishu mara moja, bila kukandamiza, na zote hivyo hivyo. Ukiona silinda mbili za bika moja zimetofautiana sana, anza kushuku hapo kabla hujalaumu mizani.

Na walimu wanaoandaa mimumunyo: 1 M ni gramu 342 za sukrosi zilizoyeyushwa kisha maji yakaongezwa mpaka mmumunyo wote ufike lita 1. Ukimwaga lita nzima ya maji juu ya hizo gramu unapata kama 0.8 M, na mtoto anaandika 1.0 kwa imani.

La mwisho ni bika ya 0.0, ambayo wengi wanaiita "kigeu cha kudhibiti" kwa kuwa wamesikia neno kidhibiti. Vitu viwili tofauti hivyo. Ile ni kiwango kimojawapo cha kigeu huru, unakitumia kulinganishia. Kigeu cha kudhibiti ni kile ambacho hakibadiliki kwenye bika yoyote kati ya sita.

Anayetaka karatasi ipitiwe upya alete jedwali la kwanza lile lenye madoa ya maji, lililojazwa mezani wakati wa kupima. Nakala safi iliyoandikwa nyumbani hatutaipokea.