Nani alimwona nani?

Mzee alisema sentensi mbili, nami nikaandika moja. Tulikuwa Kuresoi, kaunti ya Nakuru, barazani kwake, kinasa sauti kikiwa juu ya stuli kati yetu. Nilikuwa nakusanya sentensi fupi za Kipsigis, nikauliza wanasemaje "Kibet alimwona Chebet". (Majina hayo hupewa waliozaliwa mchana, basi nayatumia kila mahali.)

"Kigeer Kibet Chebet," akasema. Kitenzi mbele, kisha mtenda, kisha mtendwa. Nikamwomba ageuze: Chebet ndiye amwone Kibet. Nilitarajia majina yabadilishane nafasi, lakini akarudia yaleyale: "Kigeer Kibet Chebet."

"Hapana, mzee. Sasa Chebet ndiye aliyeona."

"Ndivyo nilivyosema, binti yangu."

Daftarini niliandika: "Mpangilio wa nomino ni huru, muktadha huamua." Sentensi hiyo nimeiacha pale, ina mstari mwekundu juu yake. Muktadha gani? Hapakuwa na kisa chochote, ni majina mawili tu na kitenzi. Nikamuuliza mzee anajuaje nani ameona. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kuwa mvua inanyesha. "Si umesikia?"

Sikuwa nimesikia. Nililelewa Nakuru mjini kwa Kiswahili, lugha ambayo kidatu cha sauti hakibadilishi maana ya neno. Tunapandisha sauti tukiuliza na kuishusha tukimaliza, basi. Kipsigis ni lugha ya toni, na hilo nilikuwa nalijua vizuri. Nilichokosa ni kwamba toni hiyo hufanya pia kazi ya sarufi: ndiyo inayoonyesha nani ni mtenda. Jina moja, konsonanti zilezile, irabu zilezile, lina sura moja ya toni likitenda na nyingine likitendwa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni, kwa hiyo kwenye karatasi tofauti hiyo haipo.

Nilimwomba mzee afunge mdomo agune sentensi zote mbili bila maneno. Alicheka, kisha akaguna. Maneno yalipoondoka, hata mimi nilisikia nyimbo mbili.

Mlio wa kuguna si ushahidi wa kutosha, maana mtu anaweza kutia chumvi akijua unachotafuta. Usiku nilikata sentensi 24 kutoka kwenye rekodi, nikazichanganya, na asubuhi nikamchezea mjukuu wake kwenye vipokea sauti, swali likiwa moja tu: nani aliona? Alikosea moja, ile iliyopitiwa na lori. Mimi nilipata 13, yaani nilikuwa nabahatisha.

Kwenye Praat, programu inayochora kidatu cha sauti kama mstari, nilipata tabu nyingine. Sauti ya mzee hukwaruza mwishoni mwa sentensi, na hapo mstari wa kidatu hukatika au huruka ukaonyesha nusu ya hezi halisi. Niliweka mipaka ya hezi 75 hadi 300 badala ya kuacha ile mipana, na nikaomba kila sentensi iongezewe neno la wakati mwishoni ili mkwaruzo umalizikie huko. Halafu kidatu chenyewe huteremka kidogo kidogo kadiri sentensi inavyoendelea, kwa hiyo huwezi kulinganisha jina la nafasi ya kwanza na la nafasi ya pili. Linganisha Chebet wa mwisho na Chebet wa mwisho, mmoja akiona, mwingine akionwa. Nilipofanya hivyo mistari iliachana waziwazi.

Lililoniuma zaidi ni orodha yangu ya maneno. Wiki nzima nilikuwa nauliza "mtoto mnamwitaje?", naandika neno na toni yake. Sasa, katika Kipsigis, kama ilivyo katika Kinandi na hata Kimaasai, umbo unalopewa ukitaja neno peke yake ni lile la mtendwa. La mtenda ndilo linalobadilika. Kwa njia ile ningeweza kukusanya maneno elfu moja nisikutane na mtenda hata mmoja. Na nilipoandika masimulizi, nilinakili toni za orodha juu ya kila nomino, bila kusikiliza. Nilikuwa naandika daftari langu, si mzee.

Basi tulianza upya, kila neno likipitia "fulani alimwona Chebet" na "Chebet alimwona fulani". Mtoto, ng'ombe na mbwa walipita bila shida. Tulipofika kwenye jiwe, mzee aliweka kikombe chini.

"Jiwe limwone Chebet?"

Tukakubaliana jiwe lianguke tu.