"KNBS 2019" ipi? Dhana potofu kuhusu marejeleo katika ripoti ya waandishi wengi

Tuchukue mfano wa ripoti ya kiufundi kuhusu maji ya Kaunti ya Lamu, kuanzia visima vya matuta ya mchanga ya Shela hadi matangi ya upande wa bara. Mmoja ameandika usuli, mwingine mahitaji ya maji, wa tatu usanifu. Wote wametegemea takwimu za sensa.

Dhana: Mwaka wa sensa ndio mwaka wa kurejelea.

Ukweli: Unaoandikwa ni mwaka wa kuchapishwa. Matokeo ya sensa ya 2009 yalichapishwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mwaka 2010. Mwandishi wa usuli akiweka "KNBS 2009" na wa usanifu "KNBS 2010", msomaji atadhani ni vitabu viwili, na kimojawapo hatakiona kwenye orodha.

Dhana: "KNBS 2019" inatosha, mradi chanzo kimo kwenye orodha.

Ukweli: Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Sensa ya 2019 ilitoka kwa juzuu kadhaa, na nne za kwanza zote ni za mwaka huohuo. Idadi ya watu kwa kaunti imo Juzuu ya Kwanza. Vyanzo vya maji vya kaya vimo Juzuu ya Nne. Kwa hiyo huandikwa 2019a na 2019b. Herufi hizo hupangwa mara moja kwa ripoti nzima. Kila sehemu ikijipangia zake, 2019a ya usuli itakuwa juzuu nyingine kabisa na 2019a ya usanifu. Ongeza namba ya jedwali au ukurasa kila unapotaja takwimu, kwa sababu juzuu moja ina mamia ya kurasa.

Kosa hili hufika hadi kwenye hesabu. Lamu ilikuwa na watu 101,539 mwaka 2009, na 143,920 mwaka 2019. Usuli ukitumia idadi ya kwanza na usanifu ya pili, tofauti ni watu 42,381. Kwa makisio ya lita 20 kwa mtu kwa siku, hizo ni lita 847,620 kila siku, na mhakiki hawezi kujua tangi limepimwa kwa sensa ipi.

Dhana: Programu ya marejeleo itasawazisha yenyewe.

Ukweli: Zotero haijui kwamba juzuu uliyoingiza wewe ndiyo aliyoingiza mwenzako kwenye maktaba yake. Sehemu zikiunganishwa, inaweza kuihesabu juzuu hiyo kuwa vyanzo viwili na kuvipa 2019a na 2019b, ilhali kitabu ni kimoja. Kundi lianze na maktaba moja ya pamoja. Kama kazi imeshafika mbali, tafuta neno "KNBS" katika waraka wote, pamoja na muhtasari, vichwa vya majedwali na viambatisho, ukilinganisha kila mtajo na orodha. Kisha geuza: kila kilichomo kwenye orodha kitafutwe ndani ya matini.